Mama wa Swali la Nne

Mwalimu wetu katika chuo cha matabibu pale Nyeri hakutia alama ya kosa. Kando ya jibu baya aliandika mgonjwa alivyoishia. Ukisema bakteria kumbe ni virusi, aliandika: “Amechomwa sindano bure, amepona.” Mimi tabia hiyo iliniudhi.

Swali la nne lilihusu mama mkulima wa Naro Moru, mwenye kisukari, aliyeumwa kichwa na homa kwa wiki tatu. Maji ya uti wa mgongo wake yalikuwa na protini nyingi mno, na chembe nyeupe karibu zote zilikuwa limfosaiti. Bakteria wa kawaida wangeleta nyutrofili, aina nyingine ya chembe hizo, tena ndani ya siku chache, kwa hiyo hao tuliwaondoa. Sukari ya maji ilikuwa tatu. Tukaona iko sawa na ya mtu mzima wa afya, tukaandika virusi.

Karatasi zikarudi na neno moja: “Amekufa.”

Jirani yangu wa dawati, aliyewahi kuwa polisi, alisimama. “Mwalimu, si sukari iko sawa?”

“Sawa na nini? Ya damu ni ngapi?”

Ilikuwa kumi na nne, imeandikwa mstari wa juu. Kwa kawaida sukari ya maji hupita nusu ya ile ya damu. Ya mama haikufika hata robo. Virusi haviishushi hivyo; hiyo ilikuwa TB ya utando wa ubongo, inayokwenda polepole.

Mtihani wa marudio ulimleta mama yuleyule, na tarakimu zilezile. Tukamtibu TB.

Sasa natibu wodini. Mama huyo ndiye mgonjwa pekee aliyekufa nikarudishiwa.