Sauti ya Pili Ndani ya Basi la Iringa

Mama alikuwa kwangu Mbeya akinisaidia kulea mjukuu wake mchanga, na huku nyuma kwaya yake ya Kihesa, kule Iringa, ikarekodi wimbo mpya bila yeye. Jumapili ilikuwa siku ya kuuzindua. Mwalimu wa kwaya alishampigia: "Mama, safari hii ukae tu na washarika, utusikilize." Mwimba sauti ya pili tangu miaka ya sabini, leo akae! Nilikasirika kuliko yeye.

Jumamosi asubuhi nilimwacha mtoto na baba yake, tukapanda basi kumrudisha Iringa. Nikipekua skrini iliyo mbele ya kiti chake, nikakuta video ya wimbo ule ule! Kwaya ilikuwa imewapa wenye basi nakala kabla ya kuiweka popote. Shida ikawa masikio ya Mama. Visikilizio vya waya alivyogawa kondakta havikumfaa.

"Nasikia mbu," alisema Mama.

Hedifoni zake kubwa ndizo anazosikia nazo vizuri, lakini hazina waya, na skrini ilikuwa na tundu la waya tu. Nikatoa mkobani kifaa changu cha kurushia sauti kwa bluetooth, hakizidi kiberiti kwa ukubwa. Nikakichomeka tunduni, nikabonyeza kitufe mpaka taa ikaanza kumetameta, nikawasha hedifoni. Kimya. Wanakwaya walifumbua vinywa kwenye skrini kama samaki.

"Kitafute kwenye simu, dada," kondakta alinishauri.

"Kaka, hiki hakitafutwi kwenye simu. Chenyewe ndicho kinachotuma."

Tulipita Igawa natokwa jasho. Mama akaanza kunihurumia, jambo nisilolipenda kabisa. Ndipo nikakumbuka simu iliyokuwa mkobani mwake: kila hedifoni zikiwashwa, zinaikimbilia hiyo zilizoizoea.

"Mama, kifaa changu kina mke mwenza humo mkobani mwako!"

Nilizima bluetooth ya simu, nikazima hedifoni, kisha nikashikilia kitufe chake mpaka nazo zikameta zikitafuta. Tukangoja. Taa ya kifaa ikatulia. Mama akashtuka, akashika masikio kwa mikono miwili.

"Mbona midomo inatangulia sauti?"

"Inachelewa kidogo njiani, Mama. Fuata sauti, midomo achana nayo."

Akafuata. Aliurudia wimbo tena na tena, kwanza akinong'ona, halafu, kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, kwa sauti kamili. Abiria wengine hawakusikia kinanda wala soprano, ila sauti ya pili peke yake. Nilitaka kumgusa bega anyamaze, nikaona hakuna anayelalamika, nikamwacha.

Baada ya Nyololo alivua hedifoni, akampigia mwalimu wa kwaya. Hakumsalimia. Aliimba sehemu yake yote, ubeti kwa ubeti, kondakta amesimama katikati ya basi akimsikiliza.

"Mwalimu, Jumapili nasimama," akasema, akakata simu bila kungoja jibu.