Slaidi Haikusema Hivyo

Yule mkubwa wangu wa kazi nilimchukia kabla hajanikosea, na sioni haya kusema. Aliletwa ofisini kwetu Voi kutoka Nairobi, na kila asubuhi alikipangusa kiti chake kwa leso huku akitutazama sisi, kana kwamba vumbi tulilileta makusudi. Siku aliponitupia muhtasari wake mezani akisema, "Dada, angalia tu tahajia," nilijua nitaangalia zaidi ya tahajia.

Ulikuwa ukurasa mmoja, wa kusomwa Alhamisi kwenye baraza la Makwasinyi, kijijini kwetu. Aliutoa kwenye slaidi za mtafiti aliyejaribu uzio wa nyuki: mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, ndovu akiusukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, ndovu anageuka akaenda zake. Mama yangu alikuwa amewekewa uzio huo wiki iyo hiyo. Ni mjane, magoti yamemwisha, na mahindi yakianza kukomaa hulala shambani juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti, akipiga kelele ndovu wasiingie. Alikuwa akiungoja muhtasari huo umwambie kama sasa anaweza kulala nyumbani.

Kazi hii naifanya kwa njia moja. Kila sentensi naipa nambari, kisha pembeni naandika nambari ya slaidi inayoibeba. Isiyo na slaidi naizungushia wino mwekundu.

Ya kwanza ilipita: uvamizi ulipungua, grafu ilikuwepo. Ya pili ilisema "kote Taita Taveta", na slaidi zilitaja mashamba manne tu, yote ya Makwasinyi. Wino. Ya tano ilisema asali itaongeza kipato, pale slaidi iliposema huenda ikaongeza. Wino tena. Halafu nikafika ya nane: "Wakulima wameacha madungu, mizinga pekee inatosha kulinda mazao."

Nilizipitia slaidi zote mara mbili. Mara ya tatu nilizipitia kwa ajili ya mama, nikiomba niipate, maana hakuna aliyeitaka sentensi hiyo kuliko mimi. Nilichokipata ni picha ya dungu tupu, chini yake jina la kijiji na basi.

Mkubwa alikuwa amesoma nakala iliyochapishwa. Mimi nikafungua faili lenyewe, ambalo chini ya kila slaidi lina maelezo ya msemaji yasiyotokea kwenye karatasi. Chini ya ile grafu mtafiti alikuwa ameandika kwamba wakulima wote wanne waliendelea kulinda mashamba yao usiku, muda wote wa jaribio. Basi ndovu walifukuzwa na nyuki au na watu? Mtafiti hakujua, na hakujifanya anajua.

Nilimpelekea karatasi ikiwa nyekundu tupu.

"Nilisema tahajia," akasema.

"Ya nane inatoka slaidi gani?"

"Si kuna picha? Dungu halina mtu."

"Kivuli cha dungu kiko chini yake kabisa. Hiyo ni saa sita mchana. Nani anafukuza ndovu saa sita mchana?"

"Watu wanataka habari njema, dada. Wewe una mambo yako ya kijijini, unayaleta ofisini."

"Ninayo. Wewe niandikie nambari ya slaidi hapo pembeni, mimi nitanyamaza."

Aliichukua kalamu. Akaikata sentensi kwa nguvu hata karatasi ikachanika, akaniambia kwa kuwa mimi ni mjuaji sana, baraza nitalisomea mimi, na jina langu litafika Nairobi. Nikamwambia lifike. Nilitoka na hasira, na raha pia, siwezi kukataa.

Alhamisi nilisoma. Nilipofika pale niliposahihisha, kwamba uvamizi ulipungua huku wakulima wakiendelea kulinda, mama alisimama kwenye mstari wa mbele, akiushikilia mgongo wa kiti.

"Sasa nishuke dunguni ama nisishuke?"

"Usishuke bado, mama. Haijajulikana."

"Haijajulikana." Akawageukia wenzake. "Nimesomesha mtu miaka yote hiyo, amekuja kuniambia haijajulikana."

Watu walicheka. Mkubwa wangu, nyuma kabisa, alicheka kuliko wote. Mama hakungoja chai. Aliondoka kuelekea shambani, akisimama kila hatua chache kuyapumzisha magoti, na mimi na karatasi yangu isiyo na kosa hata moja nikajikuta natamani ningemwachia yule mtu uongo wake.