Uji Ambao Haukuwa Kwenye Maandiko

Misa ilipoacha Kilatini, makanisa madogo yaliyouzunguka Mlima Kenya yalitaka masomo ya Jumapili kwa Kiswahili, na vitabu vilivyochapwa vilikuwa bado havijafika. Kazi hiyo ikaiangukia nyumba yetu ya watawa, nje kidogo ya Nyeri. Tulinakili kwa mkono. Karatasi nzito tulinunua kwa Mhindi mmoja mjini, na wino tuliuweka karibu na jiko kwa sababu asubuhi za Julai vidole hugoma kabla ya kalamu.

Watu hudhani mnakili hukosea kwa sababu ni mvivu. Si kweli, na mimi husikia hasira nikiambiwa hivyo. Mvivu huandika kidogo tu, kwa hiyo hukosea kidogo. Anayekosea ni yule anayekazana. Mistari miwili ikiishia kwa maneno yale yale, jicho lako likitoka kwenye karatasi yako na kurudi kwenye nakala mama unayoinakili, hutua kwenye mstari wa pili badala ya wa kwanza, na kila kilichokuwa kati yake kinapotea. Ukisoma ulichoandika, kinaeleweka vizuri kabisa. Hapo ndipo ubaya ulipo. Au unakijua kisa kwa moyo kama kilivyosimuliwa na mwinjili mwingine, na mkono unaandika maneno ya yule badala ya huyu, nawe huna habari.

Kwa hiyo kila ukurasa ulisahihishwa. Mmoja alisoma nakala mama kwa sauti, mwingine akafuata kwa kidole kwenye nakala mpya. Mstari uliorukwa uliandikwa pambizoni na kutanguliwa na msalaba mdogo, na msalaba mwingine ukawekwa pale ulipostahili kuingia. Neno lililozidi hatukulikwangua kwa wembe, kwa sababu wembe hutoboa. Tulitia nukta chini yake, herufi kwa herufi, na msomaji alijua kwamba hapo anapita bila kusoma. Nakala mama ikichakaa, nakala iliyo safi kuliko zote ilichukua nafasi yake, na anayenakili kutoka kwake aliiingiza mistari yote ya pambizoni mahali pake.

Haya yote tulifundishwa na mtawa mzee wa Tetu, mwanamke mkali asiyecheka ovyo. Macho yalipomwishia alipelekwa bustanini kwenye sukuma wiki, akawa anatukosoa kupitia dirishani kwa kusikiliza tu tukisoma.

Vitabu vilivyochapwa vilipofika, mimi nilipewa kazi ya kulinganisha nakala zetu navyo kabla hazijastaafishwa. Makanisa ya mbali yangezitumia miaka mingine kadhaa, na padri alitaka zisahihishwe. Nilifika kwenye kisa cha mjane ambaye mwanawe wa pekee alikuwa akipelekwa kuzikwa, akafufuliwa njiani. Katika nakala zetu nyingi, kijana alipokwisha kurudishwa kwa mama yake, kulikuwa na sentensi hii: majirani wakamketisha yule mama, wakampa uji, kwa maana hakuwa amekula tangu asubuhi.

Kitabu kilichochapwa hakikuwa na uji. Kilatini hakikuwa na uji. Nilikaa nikicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Nakala zote zenye uji zilikuwa pia zimeruka nusu ya aya ile ile kurasa chache mbele. Kosa linaloshirikiwa hivyo ni kama sura ya ukoo: zilikuwa zimetoka kwa mama mmoja. Nikaenda kabatini, nikaitoa nakala mama ya zamani. Sentensi ilikuwa pambizoni, kwa mkono wa yule mtawa mzee, na mbele yake msalaba mdogo.

Sasa, katika nyumba yetu hakuna mtu aliyeandika chochote bila kuanza na msalaba mdogo. Hata orodha ya sabuni. Alikuwa ameandika wazo lake mwenyewe, akalianza kama alivyozoea. Aliyenakili baada yake, mtawa mwenzetu makini kutupita sisi wote, aliuona msalaba pambizoni, akadhani ule wa pili umesahaulika tu, akatii sheria. Aliyesahihisha alilinganisha, akakuta yanalingana.

Nilimfuata bustanini nikamwambia. Alikaa chini kwenye udongo.

"Sista, ni mimi niliandika," alisema. "Lakini sikuiandika iwe ya Mungu."

Akanieleza. Wakati wa hali ya hatari, askari wa mkoloni wakiwa kila njia, aliruhusiwa kwenda nyumbani kumzika kaka yake. Majirani waliogopa kutoka. Mama yake alikaa siku nzima kando ya kaburi na hakuna aliyemletea kitu, na yeye mwenyewe, akiwa na rozari mkononi, hakukumbuka kumpa hata uji. Miaka mingi baadaye, akinakili kisa cha mjane, alikumbuka.

"Nimeongeza kwa Neno," alisema. "Nitaenda kumwambia Mungu nini? Itoe. Kila mahali. Nisikufe ikiwa hapo."

Alikuwa amekwisha kuanza kuvimba miguu, na sote tulijua maana yake. Hakula vizuri tena. Kila nilipopita aliuliza ni kanisa gani limebaki. Nikazunguka na wino wangu, nikitia nukta. Hakuna aliyebisha, mpaka nilipofika kwenye kanisa la mabati karibu na Nanyuki, la wafanyakazi wa mashamba ya ng'ombe. Msomaji wao alikuwa mama mmoja mkamuaji, mpana wa mabega. Alikiweka kitabu kifuani.

"Sista, hiyo mstari huitoi."

Nilimweleza habari ya msalaba.

"Mimi nilizika kijana yangu. Wamama walikuja na uji juu ya hiyo mstari. Hapa tukizika, lazima mama apewe uji, ni Biblia imesema. Sasa ati ilikuwa makosa?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka mbali, na kule nyumbani mtu alikuwa akinisubiri ili afe kwa amani. Nikamwambia hivyo, bila kulainisha. Nikamwambia pia habari ya yule mama aliyekaa kaburini bila kitu.

Alikishusha kitabu kutoka kifuani. Kisha akakifungua kitabu mwenyewe.

"Weka hizo nukta zako. Lakini andika kando, pale ilitoka. Na usiweke msalaba."

Nikafanya hivyo. Nilitia nukta chini ya kila herufi, nikaiandika sentensi tena pambizoni, tupu, bila msalaba. Mara yangu ya kwanza kuandika kitu bila huo msalaba, na mkono haukupenda.

Mtawa mzee alisikiliza yote macho yakiwa yamefumbwa. "Pembeni ni sawa," alisema. "Pembeni ni pangu." Jioni hiyo aliomba chakula, akala.

Alifariki kabla ya mvua. Tulimzika asubuhi yenye ukungu, tukaimba, tukasimama, na kama kawaida yetu kila mmoja alijishughulisha na jambo lolote isipokuwa chakula. Kuelekea saa nane lori la shamba likaingia langoni. Wakashuka wanawake wa Nanyuki, wakateremsha mitungi ya maziwa iliyofungwa blanketi. Yule msomaji alinishika mabega, akanikalisha kwenye ukuta wa bustani kando ya sukuma wiki, akamimina uji kwenye kikombe.

"Tangu asubuhi hujakula," alisema.

Ilikuwa kweli. Nilikunywa, nikalia.