Kona Aliyoitoa Atupakisye

Kiwanda cha chai kilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa, Atupakisye alirudi mjini kwao, wilayani Rungwe. Kamati ya mtaa ikamchagua kuwa katibu kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Ndiye aliyeandika barua ya kuomba taka zizolewe kila wiki. Aliipitisha kwa mtendaji wa kata ikagongwa muhuri, kisha akaipeleka mwenyewe ofisi ya mji.

Bwana afya alimwita. "Mama, trekta tunalo moja, na linaanzia sokoni. Tuonyesheni sehemu ya kukusanyia, tutapita kila Ijumaa."

Kikaoni hakuna aliyetaka taka karibu na mlango wake. Atupakisye akatoa kona ya migomba yake, kando ya barabara.

Trekta lilipita Ijumaa mbili, halafu likaharibika, na kipuri kikakosekana. Watu waliendelea kumwaga maganda ya ndizi, makopo na mifuko ya plastiki. Mvua za Rungwe zikateremsha uchafu wote hadi jikoni kwake.

Aliandika barua nyingine tatu. Jirani yake Lwitiko alipomletea karatasi ya kuandikia barua ya tano, hakuipokea.

"Andika wewe, ndugu yangu. Mimi sina la kuwaambia tena."

Akachukua jembe, akaenda kuchimba mfereji wa kuyapisha yale maji machafu.