Simu Iliyotazama Ng'ambo ya Ruvuma

Mkwe mwenzangu alinichajia simu, na tangu siku ile simu ikawa bubu. Naanza hapo kwa sababu watu wakiisimulia habari hii huanzia kwenye ngoma, wakaniona mimi ndiye mkorofi.

Huyu mkwe mwenzangu ni mama yake mume wa binti yangu. Anakaa Newala, kule mwisho wa mji ambako uwanda unakatika ghafla na chini yake unaona bonde la Ruvuma lote, na Msumbiji imelala ng'ambo. Mimi nakaa Kitangari na mikorosho yangu. Binti yangu na mumewe wako Masasi, wana mtoto mmoja wa kike, na mwaka ule mtoto alikuwa amekua. Ilikuwa lazima achezwe unyago.

Kwetu mwali ana wenyewe. Mtoto ni wa upande wa mama, na bibi mzaa mama ndiye anayemwingiza ndani, ndiye anayesema somo wa kumfundisha awe nani, ndiye anayemtoa siku ya kutoka akiwa amepakwa mafuta na kuvikwa kanga mpya. Bibi akikataa mwenyewe kwa kinywa chake, hapo ndipo upande wa baba unaweza kushika. Mama yangu alimtoa binti yangu hivyo. Nilikuwa nimesubiri zamu yangu tangu mtoto anazaliwa. Mkwe mwenzangu naye alikuwa anaitaka, kwa kuwa yeye hakuzaa binti, na asiyezaa binti haongozi ngoma ya mtu. Angepata wapi tena.

Basi tulikutana msibani, hapo hapo Newala. Simu yangu ilikuwa ya kupangusa, kijana wangu wa kiume aliniletea msimu ule wanunuzi binafsi wa korosho walipomiminika na kila kampuni ya simu ikasimamisha mnara wake. Ikaisha chaji. Mkwe akaniambia kwa sauti ya asali, "Lete mkwe, nikuchajie nyumbani, mimi nina umeme." Nikampa. Jioni akanirudishia imejaa, nikaitia kwenye pindo la kanga, nikapanda gari kwenda kwetu.

Kufika Kitangari naangalia pale juu, vile vijiti vya mtandao havipo. Pameandikwa hakuna huduma. Nikaizima, nikaiwasha. Hakuna huduma. Nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya jiko ambako mtandao haukosekani. Hakuna huduma. Jirani yangu, mwanamke wa rika langu mwenye laini ya kampuni ile ile, anaongea na wajukuu zake anacheka.

"Itakuwa laini imecheza," akasema. "Itoe uipanguse."

Ilikuwa msimu wa mabibo. Mikono yangu tangu asubuhi ilikuwa inanyonyoa korosho kwenye mabibo, inanata. Nikachukua sindano, nikachoma kile kitundu cha ubavuni, kitrei cha laini kikatoka, nikaitoa laini nikaipangusa kwa vidole vile vile, nikairudisha. Sasa simu ikaandika kitu kipya: hakuna laini kabisa. Jirani akasema, "Umeiua."

"Ilikuwa imeshauawa," nikamwambia, ingawa wakati ule nilikuwa sijajua na nani.

Ningempigia binti yangu kwa simu ya jirani, lakini namba yake sikuwa nayo kichwani. Namba zote zilikuwa zimehifadhiwa kwenye laini ambayo sasa haisomeki, hata za watoto niliowazaa mwenyewe. Na kijana wangu alikuwa ameenda na korosho Mtwara. Nikakaa. Mawazo yakanila, maana tulikubaliana na binti yangu kwamba shule zikifungwa atanipigia tupange siku, na shule zilikuwa zimeshafungwa.

Nikasikia kwa mwanamke muuza ming'oko, ile mizizi ya porini, aliyetoka Newala, anasema bila kujua anamwambia nani: "Kule ukingoni wanakoboa mahindi ya ngoma. Mwali anatoka Masasi."

Sikumuuliza mwali wa nani. Asubuhi nilikuwa kwenye gari la kwanza.

Fundi wa simu pale Newala ni mwanaume mtu mzima, ana kibanda karibu na soko, na mdomo wake mrefu kuliko kazi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimetoka Kitangari, simu yangu haioni laini."

Akakitoa kitrei, akakiinamia, akacheka. "Bibi, hii laini umeipika? Ina mchuzi." Akanionyesha. Ile kona iliyokatwa ya laini haikuwa imekaa kwenye kona iliyokatwa ya trei, niliilaza kichwa chini, na utomvu wa bibo ulikuwa umekauka juu ya yale madini ya dhahabu ambayo simu inasomea. Akaifuta kwa pamba yenye spiriti kidogo, akaacha ikauke. Kisha hakuitia kwangu, aliitia kwenye simu yake mwenyewe. Vijiti vikajaa hapo hapo.

"Laini nzima," akasema. "Sasa tuone mgonjwa ni nani."

Akairudisha kwangu, kona kwa kona. Simu sasa ikaiona laini, hata jina likatokea, lakini ikaandika simu za dharura tu. Akatazama kama iko kwenye hali ya ndege. Haiko. Akaingia kwenye mipangilio, akasema aina ya mtandao imefungiwa 3G peke yake, "na huko kwenu Kitangari mnara wenu una 2G tu, ungepata nini?" Akaiweka ijichagulie zote. Bado dharura tu. Akaingia tena ndani zaidi, mahali pa kuchagua kampuni. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Bibi, nani alichagua kwa mkono?"

"Kuchagua nini?"

"Hapa. Simu huwa inajitafutia mnara wa kampuni yako yenyewe. Hii imekatazwa isijitafutie, imeamriwa ishike mnara wa Msumbiji tu. Wa Msumbiji hawaitaki laini yako. Na ukifika Kitangari hata huo mnara hauonekani. Itakaa inautafuta mpaka Kiyama."

"Haiwezi kujibadilisha yenyewe?"

"Haiwezi. Kujiokotea mnara wa ng'ambo ukiwa ukingoni, hilo linatokea kila siku. Lakini kufungiwa hivi ni mkono wa mtu. Na watu wa ukingoni wote wanajua kuingia hapa, maana ndiko wanakorudishia simu zao zikikimbilia ng'ambo."

Nikakaa kwenye kigoda chake. Umeme wa mkwe. Asali ya mkwe.

Fundi akarudisha ijichagulie yenyewe. Vijiti vikapanda, na simu ikaanza kulia kama mbuzi amefunguliwa, ujumbe juu ya ujumbe. Binti yangu. Mama uko wapi. Mama mbona hupatikani. Mama nimekutumia sauti WhatsApp, isikilize, kama si kweli niambie wewe mwenyewe, la sivyo Ijumaa nampeleka mtoto Newala. Na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

"Nifungulie hiyo sauti," nikasema.

Haikufunguka. Simu za kupiga zimerudi, intaneti hakuna. Fundi akaingia kwenye mipangilio ya kampuni, pale panapoandikwa jina la njia ya kupitia intaneti, akakuta neno limefutwa nusu. Akasema aliyepapasa humu alipapasa gizani, hakujua anachoshika. Akabonyeza irudi ilivyokuwa mwanzo, akaizima, akaiwasha. Sauti ikaingia. Ilikuwa ni ya mkwe, binti yangu amenirushia. Fundi mwenyewe aliacha kutafuna kijiti chake cha meno.

"Mwanangu, mama yako nimeongea naye vizuri. Amesema amezeeka, miguu haimtoshi, ngoma hawezi. Amenikabidhi mimi. Simu amezima apumzike, usimsumbue."

Fundi akasema, "Nikupigie binti yako, bibi?"

"Acha," nikamwambia. "Nikimpigia atalia, na mkwe atapata muda wa kutunga lingine."

Nikaenda kwa miguu yangu hiyo isiyonitosha. Uwanja wa mkwe ulikuwa umejaa wanawake, wengine wanatwanga, wengine wamekaa kwenye mikeka. Binti yangu alikuwa ameshafika, amekaa ukumbini na mtoto kando yake, amejifunika uso. Aliponiona alinyanyuka nusu, akarudi chini. Aliamini nimemkataa mwanawe, na hilo ndilo lililoniuma kuliko simu.

Mkwe alinikimbilia na ungo mkononi. "Karibu mkwe, karibu. Jamani tumekutafuta mpaka basi, hupatikani. Hatukusikia sauti yako hata mara moja."

"Hata mara moja?"

"Wallahi, hata mara moja. Waulize hawa."

Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, wamepiga hawajapata. Nikamwacha aape tena, akaapa. Kisha nikafungua pindo, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikabonyeza. *Mama yako nimeongea naye vizuri.* Michi ikasimama mmoja mmoja. Ilipofika miguu haimtoshi, mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Nikairudia. Nikairudia tena, na wa jikoni nao wasikie.

"Sasa nichagulie," nikamwambia. "Hukunipata, au uliongea nami vizuri?"

Alitazama ungo wake.

"Na ulipoifungia simu yangu ishike Msumbiji, ulikuwa unanitafutia mume huko?"

Hapo walicheka wote, hata ndugu zake wa damu. Binti yangu akaja akapiga magoti mbele yangu, akasema, "Mama, mtoto ni wako, sema neno." Nikasema: ngoma haihami, itachezwa hapa hapa kwa mahindi haya haya yaliyokwisha kukobolewa na kuni hizi hizi. Somo nitamtaja mimi. Na wa kuingia ndani nitawataja mimi.

Niliwataja mlangoni, kwa sauti, mbele ya uwanja mzima. Niliita hata yule muuza ming'oko, niliyemtumia mtu aje. Mkwe alikuwa amesimama wa mbele kabisa, amejifunga kanga mpya aliyoinunua kwa siku ile. Sikumtaja. Nikafunga mlango.

Alipikia watu siku zote mwali alipokuwa ndani, kwenye uwanja wake mwenyewe, anasikia tunaimba na hajui tunamfundisha nini mjukuu wake. Moshi ulimpiga macho. Siku ya kutoka nilimtoa mtoto anang'aa kama bibo jekundu, nikampitisha mbele ya kila bibi amwekee mkono kichwani, na nilipofika kwa mkwe nikageuza njia.

Binti yangu huniambia, "Mama, samehe, ni bibi yake pia." Mkwewe huniamkia tukikutana sokoni, nami huitikia, sikukosa adabu. Mtoto huyo sasa ni mama, amezaa wa kike. Mkwe alituma watu waniombe nimsemee kwa binti yangu, ngoma ya huyu mdogo ikifika, aingie hata akae mlangoni. Niliwapa wajumbe uji, wakanywa, wakashiba. Nikawaambia waende wakamwambie hawakunipata.