Mimu Iliyokaa

Kila alasiri, kabla wanafunzi hawajaanza kuvua viatu mlangoni, Bi Mwalimu aliisikia ile sauti. Haikuwa kubwa, na wala haikumtisha kwa namna ambayo watu hutishwa na vitu vya gizani, maana jua lilikuwa bado limejaa chumba kizima na kuku wa jirani walikuwa wakipekua uani. Ilikuwa mvumo tu. Mtoto aliyefumba midomo akavuta herufi mimu puani: *um...* Kisha kimya. Midomo haikufunguka.

Alikuwa anaijua sauti hiyo kama anavyojua ufunguo wa mlango wake. Ilikuwa ya binti yake.

Nyuki, ndivyo baba yake alivyomwita, kwa kuwa hakujua kunyamaza. Alivuma akifagia, alivuma akila, na siku alipofundishwa kwamba mimu yenye shadda huvutwa puani kabla haijaachiwa, alifurahi kana kwamba sheria hiyo imetungwa kwa ajili yake. Homa ilimjia ghafla. Ilimlaza juma zima, na jioni moja akaomba ubao wake, ili amalize somo.

Na hapa lazima nieleze jinsi Bi Mwalimu alivyofundisha, maana alikuwa na namna yake, na katika hiyo namna hakuwa mtu wa masihara.

Mwanafunzi wake aliandika kwanza herufi, nukta na irabu, kwa wino mweusi, juu ya ubao uliopakwa chokaa. Shadda na sukuni hazikuguswa. Kisha alisoma kwa sauti, neno moja moja, na Bi Mwalimu akisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Neno likitoka sawa, aliitikia kwa kichwa, na hapo ndipo mwanafunzi alipochovya kalamu katika wino mwekundu na kuweka alama: sukuni, kiduara kidogo juu ya herufi isiyo na irabu, na shadda, yale meno madogo juu ya herufi inayosomwa mara mbili. Neno likitoka ovyo, halikuwekwa kitu. "Mkono usiandike ambacho sikio halijakisikia," aliwaambia, na hata aliyelia hakupewa msamaha.

Kuhusu shadda alikuwa mkali zaidi. Watu wazima hasa walikuwa na mtindo wa kuipitia juujuu, kama mtu anayeruka dimbwi. Wakisoma *rabi* mahali pa *rabbi*, aligonga meza kwa kiganja. "Hizo ni be mbili! Ya kwanza ina sukuni, imekaa. Ya pili ina kasra, irabu ya i, inatoka. Kaa kwanza, ndipo utoke!" Darasa zima lilikariri: kaa, toka. Kaa, toka. Mpita njia angedhani humo ndani watu wanagombana.

Somo la Nyuki lilikuwa dua fupi ambayo mama yake aliitunga kwa ajili ya wanafunzi wa mwanzo: *Rabbi ihfadh abi wa ummi*. Mola, mhifadhi baba yangu na mama yangu. Ni maneno machache, lakini kila kitu kimo. Shadda juu ya be ya *rabbi*. Sukuni juu ya he, na nyingine juu ya dhe, katika *ihfadh*. *Abi* hana shadda wala nini, anapita mwepesi. Na mwisho *ummi*, mimu yenye shadda, ya kuvutwa puani.

Nyuki alisoma akiwa amelala, ubao juu ya kifua. Kila neno lililotoka sawa aliliwekea alama mwenyewe, na zile shadda zake zilikuwa zimelala upande kama meno ya uzio mbovu. Alipofika mwisho akafumba midomo, *um...*, akavuta, macho yakamlegea. Mama yake akamwekea kitambaa cha maji usoni. "Basi, mwanangu. Utamalizia ukiamka."

Hakuamka kumalizia. Alfajiri alikuwa amekata kauli, na kabla ya adhuhuri akawa hayupo.

Matanga yalipokwisha, Bi Mwalimu aliushika ule ubao. Mbao zote za chuo chake huoshwa somo likiisha, lakini somo hili halikuisha, kwa hiyo hakuuosha. Akachovya kalamu nyekundu aweke ile shadda iliyobaki, mkono ukakataa. Hakuisikia. Alichokisikia ni mimu iliyokaa tu. Na mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kumdanganya mtoto hata kwa alama moja, aliandika alichokisikia: sukuni. Kiduara chekundu juu ya mimu ile ile iliyokuwa na kasra chini yake. Akautundika ukutani nyuma ya kiti chake.

Kosa hilo hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeliona, kwani herufi yenye sukuni haibebi irabu. Wengi waliliona. Nani angethubutu kusema? Walitazamana, wakainamisha vichwa, wakaendelea na kaa, toka.

Tangu hapo sauti ikawa inakuja. Miaka ikapita, nayo inakuja. Bi Mwalimu hakumweleza mtu, kwa kuwa aliogopa mambo mawili kwa pamoja na kwa uzito ule ule: kwamba sauti haitaisha kamwe, na kwamba itaisha. Ikija, mtoto wake alikuwa amekwama pale pale, midomo imefumbwa, anasubiri. Isipokuja, hakuna mtoto. Alikonda kwa ajili ya hayo mawili.

Mumewe alikuwa seremala. Fundi, wote walimwita hivyo, hata mkewe. Ndiye aliyezipiga randa mbao zote za chuo, na hakujua kusoma hata moja. "Mimi natengeneza sahani," alikuwa akisema, "kula wanakula wengine." Basi mwaka ule wa mvua nyingi, ukuta nyuma ya kiti ulianza kunywa maji. Chokaa ya ule ubao ikavimba pembeni. Fundi akasema aushushe auweke pakavu.

"Usiuguse," Bi Mwalimu alisema.

"Mama Nyuki, maji yanapanda. Lile neno la mwisho litabanduka."

"Nimesema usiuguse, Fundi."

Hakuugusa. Lakini juma lililofuata, wanafunzi watu wazima walipoingia, yaani muuza vitambaa na dereva mstaafu na wenzao, Fundi naye aliingia, amenawa vumbi la mbao, ameshika ubao mpya kwapani. Akakaa nyuma kabisa kama mgeni.

"Umepotea njia?" mkewe alimuuliza.

"Nimekuja kusoma, Mwalimu."

Darasa likacheka. Muuza vitambaa akasema huyo kaja kumchunga mke wake, na dereva akaongeza kwamba tangu lini sahani ikaomba chakula. Fundi alicheka pamoja nao, kisha akachovya kalamu na kuivunja, kwa sababu alikuwa akiikandamiza kama patasi.

Tusidanganyane, hakuwa na kipaji. Alisoma *rabi*, akagongewa meza. Alisoma *rabbbbi*, akaganda kwenye be mpaka dereva akamwuliza kama anahitaji kusukumwa. Aliweka shadda juu ya *abi*, mkewe akaifuta kwa kitambaa chenye unyevu. "Baba hana shadda."

"Na mama anayo?"

"Anayo."

"Ndiyo maana mimi sina mzigo," akasema Fundi, na darasa likavunjika mbavu. Bi Mwalimu hakucheka. Alikuwa anamtazama, anajiuliza mzee huyu anatafuta nini.

Aliendelea kuja. Mvua nazo ziliendelea. Unyevu ukalifikia neno la mwisho, na ile herufi ye ya *ummi* ikaanza kufifia, na kila alasiri Bi Mwalimu akiutazama alihisi moyo unabanduka pamoja na chokaa. Bado hakuugusa.

Siku moja Fundi alikuja mapema, kabla ya wenzake. Alisimama mbele ya ule ubao wa ukutani, mikono nyuma, akautazama kama anavyoutazama mlango uliopinda.

"Mwalimu," alisema, "hapa pana kosa."

Bi Mwalimu alikuwa anapanga mikeka. Hakuinua kichwa.

"Mimu hii ina sukuni juu na kasra chini. Wewe mwenyewe umetufundisha, herufi haikai na kutoka kwa alama hizo. Ikikaa na kutoka, ni shadda."

"Niliandika nilichokisikia."

"Najua."

"Hujui, Fundi. Hujui chochote."

"Najua, kwa sababu mimi pia naisikia." Alisema polepole, bila kugeuka. "Kila alasiri, nikiwa pale karakanani. Randa naiweka chini mpaka ipite. *Um...*, halafu basi. Sikukwambia, nilidhani ukijua utaumia. Mimi sikujua kusoma, mama Nyuki. Sikujua neno lenyewe ni lipi. Nilikuja darasani nijue alichokuwa anataka kukisema."

Mikeka ikamponyoka mikononi. Miaka yote hiyo alidhani yuko peke yake humo ndani, kumbe ng'ambo ya ua kulikuwa na mtu ameweka randa chini, anasikiliza naye. Alitaka kumkasirikia na alitaka kumshika mkono, akashindwa vyote viwili.

Na hapo, jua likiwa bado mlangoni na kuku wanapekua, ikaja. Waliisikia wote. *Um...*

Fundi aliweka kidole kinene chini ya mstari wa binti yake na kuanza kusoma tangu mwanzo. *Rabbi* akaikalia be, akaiachia. Hakutamka ile alifu ya kuungia, ya mwanzo wa *ihfadh*, aliyaunganisha maneno vizuri, *rabbihfadh*, he ikapumua na kukaa, dhe ikakaa. *Abi* akaipita mwepesi. *Wa um...* Alifumba midomo, akavuta puani. Sauti yake nzito ikaenda pamoja na ile nyingine, na Bi Mwalimu, macho yamefumbwa kama alivyozoea kusikiliza, hakuweza kuzitenganisha. Zilikaa. Zilikaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na kwa mara ya kwanza hakugonga meza.

*...mi.*

"Naam, mwanangu," Bi Mwalimu aliitika, kabla hajajua kama ameitika.

Chumba kilinyamaza. Baadaye alilowesha ncha ya kitambaa, akakifuta kile kiduara kwa uangalifu asiguse kasra, akampa mumewe kalamu nyekundu. Fundi alikandamiza kidogo mno safari hii. Shadda yake ilitoka imelala upande, sawasawa na zile nyingine.

Kisha wakaushusha ubao, wakaupeleka uani, na mama akauosha. Maji yaliyotoka yalikuwa ya waridi kidogo. Wanafunzi walipofika waliwakuta wameketi ubarazani, bega kwa bega, wanasikiliza. Muuza vitambaa akauliza wanasikiliza nini.

"Hakuna," alisema Bi Mwalimu, na machozi yakamtoka, kwa sababu ilikuwa kweli.