Mteremko Haukufika kwa Mke wa Katibu

Katibu wa kamati ya maji alikuwa mtu wa haya. Akisimama mbele ya watu, jasho lilitoka kabla ya maneno. Ndiyo maana walimpa kalamu, wakasema afadhali aandike.

Kamati ilikaa kwenye ghala la mbolea. Mvua ilikuwa imekatika, na mashambani majani ya nyanya yalijikunja kama karatasi karibu na moto. Tangi jipya kwenye ubavu wa kilima lilijaa maji ya chemchemi, lakini hapakuwa na bomba la kuyashusha.

"Mwandikie mhandisi wa wilaya," Mwenyekiti alisema, "tununue bomba la urefu gani na kipenyo gani. Upesi, mama zenu wanalia!"

"Atataka pia kujua mteremko," Katibu alisema kwa sauti ndogo.

"Basi mwambie. Si ulipima?"

Alipima. Yeye na fundi mmoja walijaza maji mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kila mmoja akashika ncha yake, wakasoma tofauti ya kimo hatua kwa hatua. Shamba la chini liko mita sita chini ya tangi. Lakini kipande cha juu, chenye vitunguu vya mkewe, kilipita hata ukingo wa tangi kwa kimo cha mtu.

Jikoni mkewe hakuzungusha maneno.

"Andika mita sita kwa wote, baba watoto. Bomba likishafika kwangu, nani atalirudisha?"

"Litafika, mke wangu. Maji ndiyo hayatapanda."

"Hujui! Mhandisi ni wewe?"

Katibu alichukua kalamu. Aliinamia karatasi: urefu hadi shamba la chini, mita mia nne na ishirini; mteremko, mita sita; maji yanayohitajika, ndoo ya lita ishirini kila sekunde ishirini. Kisha akaongeza kwamba kipande cha juu kiko juu ya tangi.

Majibu yalipofika, aliyasoma mbele ya wote huku masikio yakiwaka moto. Bomba liwe na kipenyo cha ndani cha inchi mbili, kwa sababu la inchi moja na nusu lingepoteza nguvu yote njiani. Mita mia nne na ishirini, pamoja na akiba ya viungo. Liishie shamba la chini. Kipande cha juu hakifikiki bila pampu.

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alicheka, akamwita bingwa. Mkewe aliondoka bila kuaga.

Katibu alimkuta shambani, amepiga magoti, anang'oa vitunguu. Vilikuwa vidogo kama punje za mahindi. Majani tu ndiyo yangeuzwa.

"Ungeandika sita," alisema bila kuinua uso.

"Ningewapotezea wote fedha za bomba lisilotoa maji."

"Najua. Ndiyo maana naumia."

Katibu alivua viatu, akapiga magoti upande wa pili wa tuta, akaanza kung'oa.